Umefukuzwa bila kusikilizwa, kisha ukapewa rufaa: lini rufaa inaponya, lini haiponyi

Mtu anapokea barua ya kuachishwa kazi bila kuitwa kwenye kikao chochote. Analalamika. Wiki mbili baadaye anaitwa mbele ya meneja wa ngazi ya juu, anasikilizwa "rufaa" yake, na uamuzi unabaki palepale. Akienda mbele, mwajiri anasema: malalamiko yameisha, kwani si amesikilizwa kwenye rufaa? Swali hilo linawasumbua wafanyakazi wengi, viongozi wa matawi ya vyama vya wafanyakazi na hata maofisa utumishi wenyewe. Jibu lake si ndiyo wala hapana. Linategemea rufaa hiyo ilifanywaje.

Mwongozo huu unafuata mfano mmoja wa kutunga. Tuseme mtunza stoo kwenye ghala la mkonge jijini Tanga. Marobota 12 ya mkonge hayaonekani kwenye hesabu ya mwisho wa mwezi. Tarehe 4 Mei anapewa barua ya kuachishwa kazi kwa "uzembe mkubwa uliosababisha hasara". Hakupewa hati ya tuhuma, hakuitwa kikaoni, hakuona hesabu yenyewe. Barua inamalizia kwa kusema ana haki ya kukata rufaa kwa meneja mkuu.

Kwanza, itambue dosari yenyewe

Usianze kwa kuandika "nimeonewa". Andika kilichokosekana. Kwa sekta binafsi Tanzania Bara, kipimo cha kuanzia ni Kanuni za Utendaji Bora za mwaka 2007 (Tangazo la Serikali Na. 42), kanuni ya 13. Mwajiri anatakiwa kwanza afanye uchunguzi kuona kama kuna sababu ya kuitisha kikao. Akiona ipo, amjulishe mfanyakazi tuhuma zake kwa lugha na namna anayoielewa, ampe muda wa kujiandaa usiopungua saa 48, na amruhusu aje na mwakilishi wa chama au mfanyakazi mwenzake. Kikao kiongozwe na mtu wa uongozi mwenye cheo cha kutosha ambaye hakuhusika na tukio. Mfanyakazi ajibu tuhuma, awahoji mashahidi wa mwajiri na kuleta wa kwake, na akionekana ana kosa aruhusiwe kueleza sababu za kupunguziwa adhabu kabla adhabu haijapangwa.

Weka barua ya mtunza stoo mbele ya orodha hiyo. Kwake hakuna hata kimoja kilichofanyika. Mwingine angeweza kuwa ameitwa, ila kwa notisi ya saa 20 badala ya 48. Mwingine alisikilizwa vizuri, lakini mwenyekiti alikuwa yuleyule msimamizi aliyemripoti. Tofauti hizi ndizo zinazoamua ugumu wa kuponya. Saa zilizopungua zinaweza kufidiwa na rufaa yenye muda wa kutosha. Mwenyekiti mwenye upande anaweza kubadilishwa, mradi yule mpya asitegemee alichokiandika wa kwanza. Lakini palipokuwa hakuna kikao kabisa, rufaa haina kitu cha kurekebisha. Ni lazima ijenge yote kuanzia msingi, na hapo ndipo waajiri wengi wanakwama.

Sheria inasemaje

Kuna mikondo miwili, na inafaa uijue yote kwa sababu upande wa pili utautumia ule unaowafaa.

Mkondo wa kwanza ulielezwa na Jaji Megarry wa Uingereza mwaka 1970, katika shauri la Leary, mwanachama aliyefukuzwa kwenye chama cha wafanyakazi wa magari bila kupewa taarifa ya kikao. Hoja yake ni nyepesi kuishika: kama kanuni zinampa mtu haki ya kusikilizwa kwa haki na juu yake haki ya rufaa, kwa nini aambiwe aridhike na kikao kibovu na rufaa nzuri? Rufaa ikigeuzwa kuwa kikao cha kwanza, mtu huyo amenyang'anywa ngazi. Uamuzi wa kweli wa kwanza umetolewa juu, na hapana tena pa kukatia rufaa.

Mkondo wa pili ni wa Baraza la Faragha la Uingereza, chombo kilichosikiliza rufaa za mwisho kutoka nchi nyingine za Jumuiya ya Madola, mwaka 1979, katika shauri la Calvin dhidi ya Carr kutoka New South Wales, Australia. Calvin alikuwa mmoja wa wamiliki wa farasi wa mashindano aliyesimamishwa mwaka mmoja na wasimamizi wa mbio, kisha kamati ya klabu ikamsikiliza kwa kirefu kwenye rufaa. Lord Wilberforce, jaji aliyeandika hukumu hiyo, alisema hakuna kanuni moja kwa kila hali. Ziko hali ambapo kanuni za chombo chenyewe zinaonyesha kuwa usikilizwaji wa pili unachukua nafasi ya ule wa kwanza. Ziko hali ambapo mtu ana haki ya usikilizwaji wa haki katika ngazi zote mbili, hivyo ya juu haiwezi kufuta ubovu wa ya chini. Kati ya hizo zipo nyingi ambapo swali ni kama, ukitazama mambo yote hadi mwisho, matokeo ya haki yamefikiwa kwa njia ya haki ambayo wahusika walikubali kuifuata. Lakini aliacha mlango: dosari ikiwa ya wazi mno na madhara yake makubwa mno, hata rufaa bora kabisa haitatosha.

Shauri lile lilijibu pia swali ambalo huwachanganya watu: kama uamuzi wa kwanza ni batili, unawezaje kuukatia rufaa kitu kisichokuwepo? Jibu ni kwamba hadi utakapotenguliwa, uamuzi huo una madhara ya kutosha kuweza kukatiwa rufaa. Kwa hiyo kukata rufaa hakumaanishi umekubali kwamba ulikuwa halali.

Nchini kwetu hukumu hizo mbili hushawishi, hazifungi mahakama. Kinachofunga ni Katiba, ibara ya 13(6)(a), inayotaja kwa pamoja haki ya kusikilizwa kikamilifu na haki ya kukata rufaa. Mahakama ya Rufani, katika shauri la Mbeya-Rukwa Autoparts (2003), ilisema haki asili si kanuni ya kimapokeo tu, imekuwa haki ya msingi ya kikatiba. Katika Abbas Sherally dhidi ya Fazalboy ilisema uamuzi uliovunja haki ya kusikilizwa utatenguliwa hata kama uamuzi uleule ungefikiwa baada ya kumsikiliza mtu huyo. Shika sentensi hiyo ya mwisho. Ndiyo inayomjibu mwajiri anayesema "hata tungemwita, tungemfukuza tu".

Mahakama zinajisimamia zenyewe kwa mkazo huohuo. Baraza la ardhi likiamua bila kumsikiliza mtu, Mahakama Kuu kwa kawaida haijazi pengo hilo yenyewe. Hufuta mwenendo na kuamuru usikilizwaji uanze upya. Sababu inafaa kueleweka. Rufaa ya kwanza mahakamani hupima ushahidi upya, lakini ule uliomo kwenye kumbukumbu. Mtu aliyenyimwa nafasi hana ushahidi kwenye kumbukumbu. Kupima upya maneno ya upande mmoja hakumsikilizi wa pili.

Rufaa yako ni ya aina gani?

Sababu hiyohiyo ndiyo kipimo cha rufaa ya kazini. Tafuta kanuni za nidhamu za kampuni, mkataba wa hali bora kama upo, na ile barua ya kuachishwa kazi. Angalia meneja mkuu amepewa kazi gani. Kama ni "kupitia uamuzi" na kuona kama ulifuata taratibu, hayo ni mapitio ya mafaili. Kama anaweza kupokea ushahidi, kuita mashahidi na kuamua kwa kichwa chake kama kosa lipo, huko ni kusikilizwa upya.

Usiishie kwenye jina. Mahakama ya Rufani ya Uingereza ilisisitiza mwaka 2006, katika shauri la Taylor dhidi ya OCS, kwamba jina "mapitio" au "kusikilizwa upya" haliamui. Kinachotazamwa ni kama mchakato mzima kwa ujumla ulikuwa wa haki. Taylor alikuwa kiziwi, na kikao cha kwanza kiliendeshwa bila mkalimani. Kwenye rufaa mkalimani alikuwepo. Kadiri kikao cha kwanza kilivyokuwa kibovu, ndivyo ya pili inavyochunguzwa kwa makini zaidi.

Njia rahisi ya kutambua ukiwa ndani ya chumba ni kuangalia nani anaanza kusema. Mwenyekiti wa rufaa akikuambia "haya, tueleze sababu za rufaa yako", ameshaanza na hoja kwamba una kosa na kazi yako ni kumtoa hapo. Huko si kusikilizwa upya. Katika kusikilizwa upya mwajiri anaanza: anasoma tuhuma, analeta hesabu ya stoo, anamleta aliyehesabu, unamhoji, kisha zamu inakuja kwako. Mzigo wa kuthibitisha unabaki kwa mwajiri kana kwamba barua ya tarehe 4 Mei haipo.

Barua ya rufaa

Kosa linalowagharimu watu ni kuingia kwenye rufaa wakijitetea juu ya marobota tu, bila kutaja kikao walichonyimwa. Baadaye mwajiri anasema: hukulalamika, ulikubali utaratibu. Kwa kuwa sehemu ya kipimo cha Calvin ni kile ambacho wahusika wanachukuliwa kuwa walikikubali, ukimya unaweza kukuumiza. Andika pingamizi mwanzoni kabisa, kabla ya hoja za kosa lenyewe. Kwa mtunza stoo, inatosha hivi:

"Ninakata rufaa dhidi ya barua ya tarehe 4 Mei. Sikupewa hati ya tuhuma, sikuitwa kwenye kikao cha nidhamu na sikuonyeshwa ushahidi kabla ya uamuzi. Kwa hiyo ninaomba, kwanza, uamuzi huo ufutwe na kikao kifanyike upya. Endapo ombi hilo litakataliwa, ninaomba rufaa hii iendeshwe kama usikilizwaji mpya tangu mwanzo, na nipewe hesabu ya stoo, daftari la geti na hati za kutoa mzigo za mwezi wa Aprili, pamoja na muda wa kujiandaa usiopungua saa 48 baada ya kuzipokea. Kushiriki kwangu kwenye rufaa hakumaanishi kwamba ninakubali uamuzi wa kwanza ulikuwa halali."

Maombi hayo yamepangwa kwa makusudi. La kwanza linalinda ngazi zako mbili: kikao, kisha rufaa. La pili linamlazimisha mwajiri aamue wazi. Akikubali, ana deni la kufanya usikilizwaji kamili. Akikataa, amejiandikia mwenyewe kwamba rufaa ilikuwa ya kupitia mafaili, na hawezi baadaye kusema imeponya chochote. Peleka nakala mbili, moja isainiwe na kupigwa muhuri wa kupokelewa.

Na uende. Wapo wanaosusia rufaa kwa hasira, wakidhani watakuwa na nguvu zaidi mbele. Mara nyingi inakuwa kinyume: mwajiri anapata cha kusema, kwamba nafasi ilitolewa ikakataliwa, na kanuni zinamruhusu kuendelea bila mfanyakazi aliyekataa kuhudhuria pasipo sababu ya msingi.

Mahali ambapo rufaa hufeli kuponya

Cha kwanza ni mtu. Mwenyekiti wa rufaa akiwa ndiye aliyesaini barua ya kufukuza, au aliyeagiza iandikwe, hakuna rufaa. Kwenye makampuni madogo hili ni la kawaida, kwa kuwa meneja mkuu ndiye kila kitu. Uliza mwanzoni, na jibu liingie kwenye muhtasari: "Je, ulishiriki kwa namna yoyote kwenye uamuzi wa tarehe 4?"

Cha pili, na kwa maoni yetu ndicho kinachosahaulika zaidi, ni ushahidi uliopotea katikati. Picha za kamera za ulinzi hufutika mashine inaporekodi juu ya za zamani. Vibarua waliopakia lori wamehamia shamba jingine Korogwe au Muheza. Stoo imeshahesabiwa upya na marobota yamehamishwa. Mfanyakazi aliyekuwa nje ya geti kwa wiki tatu hakuweza kukusanya lolote. Kama kikao kingefanyika kwa wakati, angeomba picha za siku ile zihifadhiwe. Hapa usikilizwaji wa pili, hata uwe wa uungwana namna gani, haumrudishii alichokuwa nacho mwanzo. Kwa hiyo kwenye rufaa taja kwa jina kila kitu usichoweza kukipata tena, na kwa nini kilikuwa na maana. "Sikusikilizwa mapema" ni malalamiko ya jumla. "Picha za kamera ya geti la pili za tarehe 28 Aprili zimefutika, na zingeonyesha lori lililotoka bila hati" ni madhara yanayopimika.

Cha tatu ni sababu za uamuzi. Uamuzi wa rufaa unaosema tu "tumezipitia hoja zako na hazina msingi" hauonyeshi kwamba mtu amefikiri upya. Ulioponya kweli utasema ni ushahidi gani ulitolewa kikaoni, mfanyakazi alijibu nini, kwa nini jibu lake limekataliwa, na kwa nini adhabu ni kufukuzwa na si onyo la mwisho. Adhabu ni jambo la kujitegemea: usipopewa nafasi ya kueleza utumishi wako na rekodi yako safi, nusu ya usikilizwaji haijafanyika.

Kwa mwajiri anayetaka kurekebisha

Kama umegundua umemfukuza mtu bila kikao, usiitumie rufaa kama dawa. Njia salama ni kurudi nyuma waziwazi. Andika barua ya kufuta ile ya tarehe 4 Mei. Mrudishe kwenye orodha ya mishahara tangu tarehe hiyo. Ukiona lazima asiwepo eneo la kazi wakati wa uchunguzi, msimamishe kwa malipo kamili. Toa hati ya tuhuma yenye tarehe, idadi ya marobota na kanuni inayodaiwa kuvunjwa. Mpe nyaraka. Chagua mwenyekiti asiyejua habari hii. Muache meneja mkuu nje kabisa, ili abaki wa kusikiliza rufaa kama itakuwepo.

Malipo ya kipindi cha katikati si hisani. Ukisema umefuta uamuzi huku umekata mshahara wa siku hizo, umeonyesha kwamba uamuzi wa kwanza bado unafanya kazi na kikao kipya ni cha kuufunika. Vivyo hivyo ukiwa umeshaajiri mtu mwingine kwenye stoo ileile.

Muda, na kwenda CMA

Mgogoro wa kuachishwa kazi hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, yaani CMA, kwa fomu ya CMA F1 ndani ya siku 30. Kanuni za Usuluhishi na Uamuzi za mwaka 2007 zinahesabu siku hizo tangu tarehe ya kuachishwa, au tangu mwajiri alipofanya uamuzi wa mwisho wa kuachisha au wa kuthibitisha uamuzi huo. Kwa mtunza stoo, kuanzia tarehe 4 Mei siku zinaisha tarehe 3 Juni. Rufaa ikiamuliwa tarehe 29 Mei, zinaisha tarehe 28 Juni.

Usitegemee tarehe ya pili kama rufaa haimo kwenye kanuni zilizoandikwa za kampuni, au kama mwajiri anaivuta bila kutoa jibu. Siku ya 25 ikifika bila uamuzi, peleka fomu. Pingamizi kwamba umewahi ni jepesi kubeba kuliko la kuchelewa, ambalo linahitaji maombi ya kuongezewa muda kwa fomu ya F2 na sababu za kutosha.

Mbele ya Tume utasikia tena hoja ileile kwa sura mpya: kwamba sasa unasikilizwa kwa kiapo, na mashahidi, basi dosari ya kazini imekwisha. Haijakwisha. Mwamuzi anasikiliza ushahidi upya, lakini swali lake kuhusu utaratibu ni kama mwajiri aliufuata wakati anaachisha. Tume haiketi kama kikao cha nidhamu cha kampuni. Ila tambua pia mpaka wa ushindi wako: ikithibitika kwamba marobota yalipotea kwa uzembe wako na kilichokosewa ni utaratibu peke yake, nafuu inaweza kuwa ndogo kuliko ya mtu aliyefukuzwa bila sababu yoyote.

Sasa rudi kwenye rufaa ya tarehe 29 Mei na uiandike kwenye karatasi mbili. Kwenye ya kwanza, meneja mkuu hakuhusika na barua, alitoa nyaraka siku nne kabla, aliyehesabu stoo alihojiwa kwa saa nzima, mwakilishi wa tawi alikuwepo, adhabu ilijadiliwa kando, na uamuzi wa kurasa tatu ukatolewa. Mwajiri huyo ana hoja ya kweli kwamba mchakato mzima ulikuwa wa haki, na bado atalazimika kujibu kuhusu Katiba, ngazi iliyopotea na picha zilizofutika. Kwenye ya pili, mtunza stoo aliitwa kwa simu asubuhi, akaulizwa ana la kusema, akajibu kwa dakika 15, na jioni akapata barua ya mistari minne. Hapo usipoteze muda kubishana kama rufaa iliponya. Ambatisha barua zote mbili kwenye fomu, na kwenye maelezo ya dosari za utaratibu andika: hapakuwa na kikao tarehe 4 Mei, wala tarehe 29.